Thalathini Imetimu

Shairi la kumsomea mama Jumamosi baada ya Isha, pamoja na maelezo ya mizani kwa Zuhura atakayelighani

1
Naanza kwa Bisimila, kalamu nimeishika,
Jina la Mola Taala, ndilo nililotamka,
Nyonda kwa yako jamala, keti uache kupika,
Thalathini imetimu, nyonda sijakukinai.

2
Mwaka tisini na tano, msimu wa kaskazi,
Kadhi kashika mkono, akasoma waziwazi,
Nikasema langu neno, nalo likaja na chozi,
Thalathini imetimu, nyonda sijakukinai.

3
Chumba chetu cha Majengo, paa lake la makuti,
Mvua bila mlango, hutuingilia kati,
Ulicheka kwa maringo, ukapanda kwenye kiti,
Thalathini imetimu, nyonda sijakukinai.

4
Kilindini nikipanda, kwenye meli za shehena,
Usiku wote nawinda, mshahara wa kubana,
Nirudipo umelinda, mbaazi zenye kunona,
Thalathini imetimu, nyonda sijakukinai.

5
Iliki kwenye vidole, hadi leo yanukia,
Mahamri yako yale, shule yaliwalipia,
Wanetu watatu wale, ni kwa unga wamekua,
Thalathini imetimu, nyonda sijakukinai.

6
Kugombana tuligomba, si siri kwa majirani,
Siku ulifunga chumba, nikalala sebuleni,
Asubuhi ukaimba, ukanivuta jikoni,
Thalathini imetimu, nyonda sijakukinai.

7
Likoni tulipovuka, kwenda kumuaga mama,
Begani ukajiweka, neno moja hukusema,
Nami nikanyong'onyeka, maneno yalinihama,
Thalathini imetimu, nyonda sijakukinai.

8
Mvi zako zing'arazo, hina hazitaki tena,
Kwangu mimi ni liwazo, asumini ya kufana,
Leso hizo ufungazo, hunisemeza kwa jina,
Thalathini imetimu, nyonda sijakukinai.

9
Namuomba Mola wetu, siku zetu aongeze,
Tuzeeke kwenye utu, vitukuu tuvikuze,
Pepo iwe nyumba yetu, nawe huko nikutuze,
Thalathini imetimu, nyonda sijakukinai.

10
Kaditama nimefika, shairi latia nanga,
Beti kumi nimeweka, hesabu sikuivunga,
Ni mumeo naandika, Saidi nimeyatunga,
Thalathini imetimu, nyonda sijakukinai.

Maelezo

Zuhura mwanangu, nimekuchagua wewe kwa sababu sauti yako inafika hadi uani bila kupiga kelele. Ndugu zako wana mapenzi lakini hawana pumzi. Soma haya kabla ya Jumamosi, na ulighani mara kadhaa peke yako chumbani, si mbele ya mamako.

Hii ni tarbia: kila ubeti una mishororo minne. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi upande wa kushoto na utao upande wa kulia, na kila kipande kina mizani nane. Nane kwa nane, jumla kumi na sita. Ndiyo bahari iliyotamba hapa Mvita tangu zama za Muyaka bin Haji, mwanzoni mwa karne ya 19, na ndiyo inayokaa vizuri kinywani mwa mtu wa Mombasa. Utenzi ungekuwa na mizani nane tu kwa mshororo, nao unafaa zaidi ukiwa na kisa kirefu cha kusimulia. Mimi sina kisa, nina mke.

Alama ya mkato katikati ya mshororo ndipo unapokata pumzi. Usiivuke. Ukisema "Mvua bila mlango hutuingilia kati" kwa mkupuo mmoja, kina cha kati kinapotea na watu hawatasikia kwamba "Majengo", "mlango" na "maringo" vinaitikiana. Simama kidogo kwenye "ngo", kisha uteremke.

Sasa hesabu, maana najua shule mlifundishwa kisha mkasahau. Mizani ni silabi, na kila irabu inayotamkwa ina mizani yake. "Naanza" ni na-a-nza, tatu. Ukiimeza ile "a" ya pili, ukwapi wa kwanza kabisa unabaki na saba na shairi linaanza likichechemea. Vivyo hivyo "Taala" ni ta-a-la, na "paa" ni pa-a. Herufi "m" inahitaji jicho. Ikisimama peke yake mbele ya konsonanti, ni mizani kamili: "mkono" ni m-ko-no, "mvua" ni m-vu-a, "mshahara" ni m-sha-ha-ra. Lakini "mbaazi" ni mba-a-zi, tatu, kwa sababu "mb" hutoka kinywani pamoja. Hesabu mwenyewe "mbaazi zenye kunona", utapata nane. Ukiihesabu "m" peke yake utapata tisa na utanipigia simu usiku kuniambia shairi ni guni. "Mahamri" ni ma-ha-m-ri, na "kaskazi" ni ka-s-ka-zi: ile "s" ihesabu peke yake na uikalie kidogo ukighani, vinginevyo utao unakuwa mfupi.

Kuna mahali nimetumia uhuru wa mtunzi. "Bisimila" nimeipa irabu zaidi ili ienee. "Kashika" ni "akashika" iliyopunguzwa, na "wanetu" ni "wana wetu". Hiyo ni inkisari, na wazee wetu waliitumia bila kuomba radhi. "Kwa yako jamala" na "langu neno" nimepindua mpangilio kwa ajili ya kina, basi usije ukanirekebishia hadharani. Zaidi ya hapo sikutaka kulazimisha. Mtu anayekata maneno kila mshororo humfanya msikilizaji ahisi anasikiliza hesabu badala ya mapenzi.

Vina. Katika mishororo mitatu ya kwanza, kina cha kati ni kimoja na cha mwisho ni kimoja, na vyote hubadilika kutoka ubeti hadi ubeti. Hiyo ni ukaraguni. Ningeweza kutumia kina kimoja cha mwisho toka juu hadi chini, na watu wengi wangekimbilia "ni", kwa sababu kila mahali kuna nyumbani, moyoni, baharini, kitandani. Kina cha "ni" ni cha mvivu. Nimekiruhusu katika ubeti wa sita tu, kwa kuwa sebule na jikoni ni vya kweli na mamako angecheka kama ningemlaza mtu mahali pengine. Ubeti wa pili, wataalamu watasema "chozi" haliendi sawasawa na "kaskazi" na "waziwazi" kwa sababu irabu ya kabla ya "zi" ni tofauti. Ni kweli. Lakini lile chozi lilikuwepo, na babu yako alilisema mbele za watu hadi alipofariki, basi likae.

Mshororo wa nne ni kibwagizo, haubadiliki. Kuna watunzi wanaochukua kina cha mwisho cha juu na kukiweka katikati ya mshororo huu, na ni ufundi mzuri. Mimi nimeuacha peke yake ili wageni waupate haraka. Kuanzia ubeti wa tatu watakuwa wameushika, basi wanyooshee mkono na unyamaze. Waache waseme wao. Katika ubeti wa saba usiwanyooshee mkono. Useme wewe mwenyewe, polepole.

Kuhusu ubeti huo wa saba. Bibi yako mzaa mama alifariki alfajiri, na tulivuka na feri tukiwa tumesimama kati ya magari. Wakati ule hapakuwa na lile daraja la miguu la Liwatoni lililofunguliwa 2021. Palikuwa na feri na foleni yake. Mamako hakulia. Aliegemea tu, uzito wake wote, hadi tulipofika ng'ambo. Vina vya "ma" nilivichagua kwa sababu ni laini mdomoni. Ukighani "mama", "hukusema", "yalinihama", midomo inafungika yenyewe. Shusha sauti hapo, na "neno moja hukusema" usiiharakishe. Ukiona mamako ameinamisha kichwa, ngoja kabla ya kuingia kwenye mvi.

Ubeti wa tatu ni wa kuchekesha, uuchangamshe. Kilichotokea hakikuenea ndani ya mizani nane: alipanda kiti na gunia la unga mkononi, akalisokomeza kwenye makuti, na kiti kikavunjika mguu mmoja akiwa juu. Nilimdaka. Yeye husema nilichelewa. Usiyasome haya, akitaka, atayasimulia mwenyewe, na atayasimulia vizuri kuliko mimi.

Ubeti wa nane, "hunisemeza kwa jina": wageni kutoka bara huenda wasielewe, watadhani ananiita Saidi. Jina ni lile la leso, yale maneno yaliyochapwa juu yake. Miaka yote hii nimejua hali ya hewa ya nyumba kwa kusoma leso aliyojifunga asubuhi, na zipo mbili ambazo nikiziona huondoka mapema kwenda msikitini. Jumamosi ningependa umtazame amevaa ipi kabla hujaanza. Ikiwa ni moja ya hizo mbili, na wewe unazijua, basi ubeti wa sita uuruke kimya kimya. Shairi litabaki na beti tisa, na mimi nitakuwa nimesema uongo katika ubeti wa kumi. Hapo sema "beti tisa nimeweka", mizani haibadiliki: be-ti-ti-sa-ni-me-we-ka, nane.

Muda: ukighani kwa sauti ya kawaida ni dakika chache tu, kwa hiyo usikubali kaka yako akuwekee muziki chini yake. Tarumbeta na shairi la mizani havielewani. Na karatasi hii usimwachie mamako mezani. Nakala yake nimemwandikia kwa mkono kwenye daftari, shairi peke yake bila maelezo haya, na atapewa tukishamaliza kula.