YAH: AJIRA YA MSIMAMIZI WA GHALA (BARUA ILIYOREKEBISHWA)

28 Januari 2026

Dada Rehema,

Hongera tena, na karibu. Siku ya usaili ulipewa daftari la bidhaa ukague hesabu. Ukakagua, kisha ukauliza funguo za ghala hukaa kwa nani. Hapo ndipo wote tuliokuwa mezani tulipokubaliana.

Ulipotupigia juzi ulikuwa na haki ya kuuliza. Barua ya kwanza ilisema “mshahara mzuri” na “kipindi kifupi cha majaribio”, maneno ambayo mtu hawezi kuyapangia kodi ya nyumba. Barua hii inachukua nafasi ya ile.

Mshahara wako ni shilingi 1,400,000 kwa mwezi, na posho ya usafiri ni shilingi 150,000. Jumla ni shilingi 1,550,000 kabla ya makato ya kodi na hifadhi ya jamii, kwa hiyo kitakachoingia benki kitapungua hapo. Malipo hufanyika tarehe 28 ya kila mwezi.

Majaribio ni miezi 3, kuanzia 2 Machi hadi 31 Mei 2026. Mshahara na posho ni hizo hizo tangu siku ya kwanza. Tutaangalia mambo mawili: usahihi wa hesabu ya mali kila mwisho wa mwezi, na jinsi unavyowaongoza vijana 4 wa ghalani. Katikati ya Aprili tutakaa nawe tukuambie unaendeleaje, ili mwezi Mei usikushtukize. Upande wowote ukitaka kusitisha ajira katika kipindi hiki, utatoa notisi ya siku 7 kwa maandishi. Ukifaulu, utapewa barua ya kuthibitishwa kazini kabla ya 31 Mei.

Ajira hii inategemea vitu viwili: tuone vyeti vyako halisi, na tupate majibu ya wadhamini wako wawili. Mwajiri wako wa sasa hatutamgusa bila ruhusa yako. Tafadhali usiache kazi uliyonayo mpaka tukuandikie kwamba yote yamekamilika. Tunakusudia kufanya hivyo kabla ya 13 Februari. Kama notisi ya huko itapita 2 Machi, tuambie. Tutasogeza tarehe ya kuanza, na miezi 3 ya majaribio itahesabiwa kuanzia hapo.

Ukiridhika, saini nakala moja uturudishie kufikia Ijumaa, 6 Februari. Kama kuna mstari haujakaa sawa, piga simu kabla ya kusaini. Hakuna atakayekuona msumbufu.

Siku ya kwanza fika saa 2:00 asubuhi. Mzee wa stoo anayestaafu atakuwa nawe wiki nzima kukukabidhi, na ameshaanza kuuliza unakuja lini.

Wako katika kazi,

Meneja Rasilimali Watu