Kesi brifu ya Donoghue dhidi ya Stevenson (1932), ya kuingia nayo semina ya kesho

Wanangu wa grupu, hukumu ni ndefu na malodi, yaani majaji wa House of Lords, wanazunguka sana, nimeichuja hivi.

Fakti: Tarehe 26 Agosti 1928, mgahawa wa Wellmeadow, Paisley, Skotilandi. Rafiki yake Bi Donoghue ndiye alilipia soda ya tangawizi, yeye akanywa. Chupa ilikuwa ya rangi ya giza, huoni ndani. Alishakunywa kidogo, rafiki akamimina iliyobaki, eti akatoka konokono aliyeoza. Mama akaumwa tumbo na kupata mshtuko, akamshtaki Stevenson mwenye kiwanda, anataka pauni 500. Kumbukeni soda hakununua yeye, kwa hiyo hana mkataba na yeyote, wala wa mgahawa. Mahakama ya Skotilandi ikamkatalia kwa sababu ya kesi ya nyuma ya panya kwenye chupa, akakata rufaa kwa malodi.

Hoja: Mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mlaji wa mwisho ambaye hana mkataba naye?

Kanuni: Hapa ndo wengi mnachanganya. Kanuni finyu ni hii: ukitengeneza bidhaa unayokusudia imfikie mlaji kama ilivyotoka kwako, bila nafasi ya maana ya mtu kuikagua njiani, na unajua uzembe wako utamdhuru, una wajibu kwake. Ile ya "jirani" ya Lodi Atkin ni pana zaidi, yaani usimdhuru mtu ambaye ulipaswa kumfikiria kwa kuwa kitendo chako kinamgusa moja kwa moja. Mkiandika ya jirani peke yake kama ndo msingi wa uamuzi mtaulizwa, maana Lodi Thankerton na Lodi Macmillan, walioamua upande mmoja na Atkin, hawakuisema hivyo.

Sababu: Atkin anasema sheria haiwezi kumwacha aliyeumia bila nafuu ya kisheria eti kwa sababu hana risiti (maneno yangu hayo, sio yake). Macmillan anaongeza kwamba aina za uzembe hazijafungwa, maisha yakibadilika na wajibu mpya unaweza kuzaliwa. Wanaopinga ni Buckmaster na Tomlin, na Buckmaster msimdharau, anauliza ukivuka hatua moja nje ya mkataba kwa nini usivuke hamsini? Swali zuri tu, mwalimu akiwa vibaya atawarushia hilo hilo.

Uamuzi: 26 Mei 1932, watatu kwa wawili, rufaa imekubaliwa, kesi irudi Skotilandi kusikilizwa ushahidi.

Sasa hapo kwenye "irudi" ndo penyewe. Malodi waliamua swali la sheria tu, wakichukulia madai yake kama ni kweli. Konokono hakuwahi kuthibitishwa mahakamani, Stevenson alifariki kabla na mambo yakaisha kwa suluhu nje ya mahakama. Kwa hiyo msiandike "mahakama ilikuta konokono kwenye chupa", mimi niliandika hivyo kwenye drafti ya kwanza nikafuta.