Maneno ya Shahidi wa Bwana Harusi, Ukumbi wa Granville

Mabibi na mabwana, wazazi wetu wa pande zote mbili, naombeni masikio yenu kidogo kabla ya jibini kuletwa. Najua jibini za Normandia zikicheleweshwa huanza kutembea zenyewe, kwa hiyo nitajitahidi kuwahi.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Loïc, shahidi wa Erwan. Tulijuana tukiwa na miaka 4, chekechea pale Cancale, siku aliyoning'ata mkono kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu. Leo tuna miaka 34. Miaka 30 ya urafiki, na ile baiskeli hajanipisha bado.

Mama yake ameniomba nisiseme habari za Rennes. Baba yake ameniomba nisiguse habari za lile gari. Bibi Jeanne yeye amenivuta pembeni wakati wa vinywaji pale bustanini, akaninong'oneza: "Mwanangu, sema zote." Nawaheshimu wote watatu. Gari tuliache. Rennes nitaisema nusu.

Lakini lazima kwanza ndugu wa upande wa Camille mjue mmeletewa mtu wa namna gani. Tarehe 12 Julai 1998, fainali ya Kombe la Dunia, tulikuwa sebuleni kwa kina Erwan, watoto wa miaka 7, nyuso zimepakwa rangi ya bendera. Zidane akatia mawili kwa kichwa kabla ya mapumziko. Erwan akasema anafumba macho dakika moja tu. Petit alipoipiga Brazili la tatu, mwenzetu alikuwa anakoroma, amekumbatia bakuli la karanga. Basi muulizeni leo habari za bao lile. Atawasimulia kama aliyetoa pasi. Nimebishana naye miaka 27, nimechoka, sasa namwachia tu.

Ndiyo sababu siku aliyonipigia simu kutoka Rennes, nilidhani ni mgonjwa.

Ilikuwa Jumamosi, soko la Lices. Wale wa Rennes mnajua: mtu hatoki pale bila soseji yake iliyoviringwa ndani ya galeti baridi, ile chapati nyembamba ya ngano nyeusi. Na haiwekwi kitu. Si haradali, si tomato. Erwan aliwahi kumnunia binamu yake majira mazima ya kiangazi kwa kosa hilo. Sasa yuko kwenye foleni, mbele yake kuna msichana mwenye koti la njano la mvua, anamuuliza mwuzaji, kwa sauti ya kusikika, kama kuna haradali. Foleni nzima ikageuka. Mwuzaji akashika kiuno. Hapo ndipo rafiki yangu, mlinzi wa mila, alipofungua kinywa na kusema: "Hata mimi huwa naiweka."

Uongo mtupu, Camille. Nasikitika kukuambia mbele ya meya.

Usiku ule, saa nane, simu. Hakunieleza macho yako wala tabasamu lako. Alisema hivi, kwa sauti ya mtu aliyefiwa: "Loïc, ni Mnormandi."

Mnacheka, lakini sisi ni Wabretoni, tumekulia upande wa pili wa ghuba hii. Kukiwa hakuna ukungu, tukiwa Cancale tunauona Mont-Saint-Michel, ule mlima wenye abasia katikati ya maji, kule mbali, na wazee wetu wanatufundisha kuwa mto Couesnon, uliokuwa mpaka wetu na Wanormandi, ulipatwa na wazimu, ukahama, ukaupeleka Mont kwa Wanormandi. Ni wetu, umeazimwa tu. Halafu kuna suala la siagi. Kwetu siagi isiyo na chumvi ni dawa ya kupaka viatu. Kwa kina Camille, siagi yenye chumvi ni njia ya kuficha siagi mbovu. Mama Camille aliniambia hivyo mwenyewe, kwa upole sana, huku akiniongezea viazi.

Leo mchana Bwana Meya, na mkanda wake wa rangi tatu, ametusomea Kanuni ya Sheria ya Madai. Ibara ya 212: mume na mke wanadaiana heshima, uaminifu na kusaidiana. Ibara ya 215: wanalazimika kuishi pamoja. Nilisikiliza kwa makini. Siagi haimo. Mtunga sheria amewaachia wenyewe.

Nina jambo moja ambalo sijawahi kulisema hadharani.

Tulikuwa na miaka 11. Ilikuwa Machi, bamvua kubwa, maji yamekupwa mpaka bahari haionekani. Mnajua ghuba hii: kati ya maji kupwa na kujaa tofauti hufika mita 14 hivi. Tulikwenda kuchimba kombe, kila mtu na ndoo yake. Erwan alikuwa na kile kijitabu cha majira ya maji mfukoni, akaniambia turudi. Nikasema bado. Akasema tena. Nikasema kombe tano za mwisho. Halafu buti langu la kushoto likazama topeni hadi gotini, nikavuta, likazama zaidi. Na maji ya huku hayaji kwa mbele kama mgeni mwenye adabu. Yanapita kwenye vijito, yanakuzunguka, unageuka unakuta yako mgongoni.

Erwan aliweka ndoo yake chini. Ilikuwa imejaa; hajawahi kupata nyingi vile tena. Akalala kifudifudi kwenye tope, na sweta alilofumiwa na Bibi Jeanne, akaanza kuchimba kwa mikono kuzunguka mguu wangu. Hakusema neno. Namkumbuka sikio lake tu, limejaa tope, na pumzi yake. Mguu ukatoka, buti likabaki. Tukakimbia, mimi na soksi moja. Ndoo yake tuliiona ikimezwa na maji.

Hakuniambia "nilikwambia" hata mara moja mpaka tulipofika kwenye mawe makavu. Tulipofika, akaniambia. Akaniambia tena Pasaka, na kila mwaka tangu hapo, na leo pia, kwenye ngazi za manispaa, wakati tunawasubiri mpiga picha na ndugu waliokuwa wanatafuta pa kuegesha.

Camille, huyo ndiye unayemchukua. Atakukumbusha mpaka uzeeke. Ila topeni hakuachi.

Na wewe umemfanya nini, sijui. Mwezi wa Juni nilimkuta dukani Cancale, kofia ameivuta hadi kwenye nyusi, ameshika pakiti ya siagi isiyo na chumvi. Akaniambia ni ya jirani. Nilipofika kwenu nikafungua friji: siagi mbili, rafu moja, na yako ndiyo iliyokuwa mbele. Juzi tena, tukipanga meza hizi, alisema, "Mont hata ukiuona kutoka upande huu wa ghuba ni mzuri." Baba yake alikuwepo. Tulimletea kiti akakaa.

Haya, simameni. Waliochukua shampeni, shampeni. Waliochukua mvinyo wa matufaha, na wasigombane ni wa upande gani. Watoto, juisi. Bibi Jeanne, najua hiyo ya kwako si maji. Tutazamane machoni wakati wa kugonganisha glasi, maana asiyetazama tunajua yanayompata.

Camille, Erwan: kwa afya yenu, na kwa friji yenu. Waishi maarusi!

Sasa leteni jibini.