Boriti Ndiyo Iliyopima: Nyumba ya Mawe ya Lamu kwa Slaidi Ishirini

Mazungumzo ya jioni, Langoni, Lamu. Kila slaidi hukaa sekunde 20 kisha hujibadilisha yenyewe. Jumla ni dakika 6 na sekunde 40.

1. Boriti moja, juu ya mchanga (0:00)
Assalamu alaikum, wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu. Mti mnaouona ni boriti ya mkoko, na jioni hii nitajaribu kuwaonyesha kwamba mti huu, si fundi wala mwenye nyumba, ndio ulioamua upana wa vyumba vya mji wetu.

2. Mikoko, maji yametoka (0:20)
Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika kaunti hii. Wakataji huingia kwa mashua maji yakijaa, hukata yakitoka, na mara nyingine hulazimika kungoja bamvua ndipo waweze kutoka na shehena yao kwenye mkono wa bahari.

3. Miti imepangwa gatini (0:40)
Mti huuzwa kwa unene, na kila unene una jina. Ulio mwembamba kabisa ni fito, kisha pau, kisha mazio. Ukifika kipenyo cha sentimita kumi na mbili au kumi na tatu hivi, hiyo ndiyo boriti. Baada yake ni nguzo.

4. Fundi anapima kwa pima (1:00)
Unene ni jambo moja, urefu ni jingine. Boriti iliyonyooka hubeba dari la mawe kwa upana wa mita mbili na nusu, pengine karibu tatu. Ukiipitisha hapo itapinda, na dari la mawe lililopinda halina mswalie Mtume.

5. Ramani ya nyumba, Mkomani (1:20)
Kwa hiyo tajiri wa mtaa wetu wa Mkomani aliyetaka chumba kikubwa hakuweza kukipanua. Alichoweza ni kukirefusha. Tazameni ramani hii: vyumba ni vyembamba na virefu, vimelala kimoja nyuma ya kingine, kama mashua zilizofungwa ubavu kwa ubavu.

6. Daka na mlango (1:40)
Tuingie. Hapa ni daka, penye baraza za mawe, ambapo mgeni asiye wa karibu hukaa akamaliza shughuli yake bila kuvuka mlango. Nyuma ya mlango ni tekani, ambayo hupinda kwa makusudi, ili macho ya mpita njia yasifike kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani ya nyumba.

7. Kiwanda, saa sita mchana (2:00)
Kiwanda hakina boriti wala dari. Mwanga na upepo huingilia hapa, kwa sababu kuta za nje ni karibu zote zimefumbwa. Jua likikipiga, hewa ya moto hupanda, na hewa ya baridi ya vichochoroni huvutwa ndani kujaza nafasi yake.

8. Msana wa tini, msana wa yuu (2:20)
Kutoka kiwandani twaingia msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha chumba tunachokiita ndani. Kila ukuta uko umbali wa boriti moja kutoka kwa ule uliotangulia, na kila sakafu imeinuka kidogo, hivyo mtu hupanda kuelekea faragha ya wenyeji bila kuhisi kwamba anapanda.

9. Ukuta wa zidaka (2:40)
Huu ni ukuta wa zidaka, vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu. Wengi husema ni mahali pa kuwekea vyombo, na ni kweli. Mimi naongeza kwamba katika chumba chembamba kama hiki, vivuli vya zidaka huufanya ukuta uonekane uko mbali kuliko ulipo; fundi alipokosa upana, aliuazima kwa macho.

10. Ukuta uleule kwa taa ya mafuta (3:00)
Nitanyamaza ili muutazame.
(Kimya hadi slaidi ibadilike.)

11. Mawe ya matumbawe (3:20)
Mawe yenyewe ni matumbawe. Yako ya kuchimbwa nchi kavu, magumu, ambayo hujengewa kuta. Na yako ya baharini, ambayo huwa laini yangali mabichi, na fundi huyachonga nakshi kabla hayajakauka. Kuta zinaweza kufika nusu mita kwa unene,

12. Kichochoro chenye kivuli (3:40)
na unene huo una kazi yake: joto la mchana huchukua saa nyingi kulipenya jiwe, na linapokaribia kufika ndani, jua limeshatua na upepo wa bahari umeshaanza kulirudisha nyuma. Ndiyo maana bibi zetu hawakuhitaji feni.

13. Tanuu ya chokaa (4:00)
Chokaa hutoka katika mawe yayo hayo. Vipande hupangwa juu ya rundo la magogo, vikachomwa, vikamwagiwa maji, vikaachwa viive kwa miezi. Marehemu baba yangu, aliyekuwa fundi, hakugusa chokaa ambacho hakijapitiwa na msimu mzima wa mvua.

14. Dari, kutoka chini (4:20)
Sasa tuinue macho. Boriti zimepangwa karibu karibu, ncha zimezama ukutani. Juu yake kuna mawe bapa, na juu ya mawe kuna kokoto na chokaa, iliyoshindiliwa kwa siku kadhaa na watu wakiimba ili mapigo yao yaende sawa.

15. Ncha iliyooza (4:40)
Ncha iliyozama ukutani ndiyo huoza kwanza, nayo huoza kwa siri. Picha hii ni ya nyumba ya bibi yangu. Mimi na ndugu yangu tuliipiga plasta ya saruji, tukidhani tumeipa nguvu, na majirani wote wakatusifu kwa weupe wake.

16. Boriti zilizovunjika (5:00)
Saruji haipumui. Unyevu wa chumvi uliokuwa ukitoka kupitia chokaa ulikosa njia, ukajikusanya kwenye ncha za boriti. Masika ya tatu, boriti nne zikakatika. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, lakini bibi hakutusemesha mwezi mzima.

17. Wikio (5:20)
Tutoke nje. Boriti hiyohiyo iliunganisha nyumba za jamaa juu ya kichochoro. Hili tunaliita wikio. Mama aliweza kwenda kwa dada yake bila kushuka njiani, na punda wakapita chini kivulini. Kichochoro, kama mnavyokisia, hakikuzidi urefu wa boriti.

18. Jahazi limesheheni miti (5:40)
Wala si hapa tu. Kwa pepo za kusi majahazi yalipeleka miti yetu Uarabuni na Ghuba, na vyumba vya huko vikachukua upana uleule. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza miti ya mikoko nje ya nchi.

19. Paa za Lamu kutoka juu (6:00)
Mwaka 2001 UNESCO iliutia mji huu katika orodha ya urithi wa dunia. Heshima hiyo tunaishukuru, ila orodha haishikilii dari. Dari hushikiliwa na mti ulionyooka, wenye unene ule niliousema, na mkoko huchukua miaka mingi kufika hapo.

20. Daftari juu ya meza (6:20)
Daftari hili liko mlangoni. Kila mwenye nyumba aandike upana wa chumba chake na idadi ya boriti zilizochoka, ili tuagize pamoja kwa wakataji wenye kibali, na tuwaambie mapema. Jina la kwanza lililoandikwa ni la bibi yangu: boriti nne.