Kwa nini singa zetu zinashuka daraja: wasilisho la mafunzo kwa vitendo, kiwanda cha mkonge, Tanga

[Slaidi 1: picha ya singa mbili juu ya meza ya kupangia madaraja]

Shikamooni wakubwa zangu, na habari za asubuhi kwa wote. Nina dakika kumi na slaidi tatu, kwa hiyo naanza na jibu. Singa nyingi tunazozishusha hadi daraja la chini la UG hazikuharibikia kwenye mashine ya korona ya kusagia majani. Zilianza kuharibika zikiwa bado majani, yakisubiri juu ya troli.

Singa hizi mbili zote ni ndefu kuliko sentimita 90, kwa hiyo kwa urefu zinafaa daraja la 3L, lililo juu ya UG. Lakini hii ya kulia ina madoa na nyama ya jani imeigandia. Nimekuja nazo. Mama wa brashi, naomba uanze kuzishika, kisha uwapitishie wenzako. Nitanyamaza kidogo.

[Slaidi 2: nguzo mbili]

Nilifuatilia mafungu 60. Katika 30 yaliyosagwa siku ileile au kesho yake, 5 yalishuka daraja. Katika 30 yaliyolala zaidi ya siku mbili, yalishuka 17. Jani likinyauka, nyama yake hung'ang'ania singa, na visu vinashindwa kuikwangua hata vikiwa vimenolewa.

Hapa nisieleweke vibaya. Wiki ya kwanza kila niliyemuuliza alinielekeza kwa fundi na visu vyake. Ndiyo maana mafungu yote nimeyapima kwenye mashine ileile, visu vikiwa na nafasi ileile. Tofauti ilibaki.

Majani yanayolala sana ni ya Ijumaa mchana na Jumamosi. Jumatatu troli mpya zinaingia mbele kwa sababu ziko karibu na mlango, na za zamani zinazidi kusukumwa nyuma. Hakuna mwenye kosa. Troli haina tarehe, nani atajua?

Kipimo hiki ni cha kiangazi tu. Wakati wa masika jani hukaa na maji zaidi, na sina takwimu za kipindi hicho. Tatizo la maji ya kuoshea sikuligusa kabisa.

[Slaidi 3: troli yenye tarehe ya chaki]

Tukumbuke singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Tunakata, tunabeba na kusaga mzigo mkubwa ili tupate hicho kidogo, halafu tunakiuza kwa bei ya chini.

Meneja, naomba mambo mawili. Mkata mkonge aandike tarehe ya kukata kwa chaki ubavuni mwa troli, na msimamizi wa zamu aanze na ya zamani. Tujaribu kwa mwezi mmoja. Kuhesabu mafungu, dada wa meza ya madaraja amekubali kuendelea nikishaondoka.

Narudisha slaidi ya pili kwa ajili ya maswali. Fundi, nimeuona mkono wako, karibu.