Barua ya malalamiko kuhusu konsoli ya michezo iliyouzwa ikiwa mbovu

Bukavu, tarehe 10 Mei 2024

Kwa Bwana Meneja wa duka, Nyawera

Kuhusu: kubadilishiwa konsoli au kurudishiwa dola 280

Bwana Meneja,

Siku ya Jumamosi, tarehe 4 Mei 2024, nilinunua dukani kwenu konsoli ya PlayStation 4 pamoja na maneti mbili, nikalipa dola 280 taslimu na kupewa risiti ambayo nakala yake naiambatanisha hapa. Niliambiwa kwamba mashine ni mpya na kwamba ina garanti ya miezi 6.

Jumatatu jioni, mtoto wangu akiwa katikati ya mchezo, kioo kilionyesha kosa CE-34878-0 na mchezo ukafungika. Jambo hilo lilijirudia mara nne usiku ule, na kesho yake mashine ikakataa kabisa kuwaka: taa yake inapepesa rangi ya buluu, kisha inazimika bila picha yoyote kutokea.

Nilipoirudisha Jumatano, kijana wa kaunta aliniambia, bila hata kuichomeka, kwamba imeharibiwa na umeme wa Kadutu. Umeme wetu unavyokatika sina haja ya kubisha. Ndiyo sababu kila chombo cha nyumbani kwangu, na konsoli hii ikiwemo, kinapitia kwenye stabilaiza, na televisheni iliyochomekwa pamoja nayo ni nzima hadi leo.

Tena, kuna mambo ambayo umeme hauwezi kuyaeleza. Namba iliyoandikwa kwenye katoni hailingani na namba iliyo kwenye mashine yenyewe. Kibandiko kinachofunika skurubu ya nyuma kilikuwa kimekwisha kuchanwa. Na kabla mashine haijazimika moja kwa moja, tulifungua orodha ya makosa iliyohifadhiwa ndani yake, tukakuta makosa ya mwezi wa Machi, wakati mimi sijawahi hata kuiona. Picha ya orodha hiyo ninayo. Nalazimika kuamini kwamba niliuziwa mashine iliyokwisha kutumiwa na kufunguliwa, kwa bei ya mpya.

Kwa hiyo naomba nipewe konsoli nyingine ya aina ileile, yenye namba inayolingana na katoni yake, nayo ijaribiwe mbele yangu kwa muda usiopungua saa moja. Ikiwa hamna, nirudishiwe dola 280 zote. Kutengenezewa hii sikubali, kwa kuwa sikununua mashine ya kutengenezwa, na amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo inambebesha muuzaji dhamana ya kasoro zilizofichika, inampa mnunuzi haki ya kurudisha kitu na kurudishiwa bei yake.

Nangoja jibu lenu la maandishi hadi Jumamosi, tarehe 18 Mei. Baada ya hapo nitapeleka nakala ya barua hii, risiti na picha katika idara ya uchumi ya jimbo. Mashine, maneti zote mbili na katoni viko tayari. Nitavileta siku mtakayoniita.

Pokeeni, Bwana Meneja, salamu zangu za heshima.

Mama Furaha,
mkaaji wa Kadutu