Mdogo wangu, tumechukua bango namba mbili

Habari za tangu juzi mdogo wangu. Samahani nimechelewa kukujibu, mzigo wa vipuri uliingia jana nikawa bize mpaka usiku.

Sasa bwana, zile dizaini tatu za bango la duka ulizonitumia nimeziprinti nikazibandika pale juu ya mlango, nikavuka barabara nikasimama kituo cha daladala kuziangalia kama abiria. Namba moja ndo nzuri kuliko zote kwenye simu, sikatai, ila yale maandishi ya mkono membamba ukiwa mbali unaona uzi tu, na wateja wangu ni bodaboda, mtu anapita spidi hana muda wa kusoma shairi. Namba tatu ina kila kitu, tairi, cheni, plagi, oili, namba za simu mbili, mpaka picha ya pikipiki, jicho halijui lianzie wapi. Halafu ile nyekundu jua la hapa Tandika litaipausha mapema, bango la jirani yangu limeshakuwa la pinki!

Namba mbili njano juu ya bluu nzito, neno VIPURI kubwa, basi. Hata mke wangu bila miwani kasoma.

Marekebisho mawili tu: namba ya simu ikuzwe, na "spea" iwe chini ya VIPURI maana vijana ndo wanavyosema. Bango ni mita 3 kwa 1, nitumie faili la fundi wa kuprinti lisilopasuka likikuzwa. Hela iliyobaki nakutumia leo jioni nikifunga, na ile dizaini namba moja usiifute, dada yangu anafungua saluni.